Mchele Mweupe Kizimbani

Wapenzi wa fasihi ya Kijapani wanamfahamu Mori Ogai. Aliandika hadithi fupi na riwaya, akatafsiri Faust ya Goethe kwa Kijapani, na mpaka leo anahesabiwa miongoni mwa wakubwa wa fasihi ya nchi yake. Kazi iliyomlipa mshahara, hata hivyo, ilikuwa udaktari wa jeshi. Na katika udaktari huo alisimama upande mmoja wa ubishi uliogharimu roho za watu wengi: ubishi juu ya chanzo cha beriberi.

Nimeifuatilia habari hii kwa muda sasa, na kinachonivuta si kwamba mwandishi mkubwa alikosea. Kukosea ni kwa kila mtu. Kinachonivuta ni namna watu wachache, mmoja kwenye meli, mwingine kwenye banda la kuku, mwingine kwenye magereza, walivyomkamata mhalifu mmoja katikati ya washukiwa wengi, kila mmoja akishika kipande chake cha ushahidi, na karibu wote wakimpa mhalifu huyo jina lisilo lake.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Beriberi huanza kwa miguu kuwa mizito na kufa ganzi. Mgonjwa anashindwa kupanda ngazi, kisha anashindwa kutembea. Wengine huvimba mwili, moyo hutanuka, na mtu aliyekuwa akizungumza na wenzake asubuhi anaweza kuwa maiti jioni. Leo tunajua kwamba ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Katika miaka ya 1880 hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinaitwa vitamini. Washukiwa walikuwa wengi: hewa mbaya, unyevu, msongamano wa watu, joto, uchovu, na mshukiwa mpya aliyekuwa akivuma kila mahali, bakteria.

Unapokuwa na washukiwa wengi namna hiyo, unafanyaje? Mwaka 1843 Mwingereza John Stuart Mill aliandika katika kitabu chake cha mantiki kanuni ambazo hata mama nyumbani anazitumia bila kujua majina yake. Ya kwanza tuiite njia ya ulingano. Watu kumi kutoka nyumba tofauti wameharisha. Unauliza, hawa wote wameshiriki nini? Kama kitu pekee kinachowaunganisha ni maharage ya kwa jirani, maharage yanashukiwa. Ya pili ni njia ya tofauti. Watu wawili wamekula kila kitu sawasawa, isipokuwa mmoja kala maharage na mwenzake hakula. Aliyekula kaharisha, mwenzake mzima. Hapo maharage hayashukiwi tu, yanakaribia kufungwa jela.

Angalia vizuri masharti yake, maana hadithi yote iko hapo. Njia ya ulingano inataka waathirika wawe na jambo moja tu la pamoja. Njia ya tofauti inataka pande mbili zitofautiane kwa jambo moja tu. Hiyo "tu" ndiyo ngumu. Maisha hayatupi jambo moja moja. Yanatupa mambo kwa mafungu.

Wajapani wa kawaida walikuwa wameshaanza kuitumia njia ya kwanza zamani. Beriberi waliiita "ugonjwa wa Edo", kwa jina la kale la Tokyo, kwa sababu mtu wa shamba alikuja mjini akaugua, akarudi kijijini akapona. Mjini kulikuwa na nini ambacho kijijini hakikuwepo? Kulikuwa na mchele mweupe. Lakini kulikuwa pia na msongamano, vumbi, maji mengine, kazi nyingine, na starehe nyingine. Mji ni fungu kubwa mno kulifungua.

Aliyejaribu kulipunguza fungu hilo ni Takaki Kanehiro, daktari wa jeshi la majini. Alikuwa amesoma London kuanzia mwaka 1875 mpaka 1880, na huko aliona jambo lililomkaa kichwani: mabaharia wa Kiingereza hawaugui beriberi. Kurudi kwao, akakuta sehemu kubwa ya mabaharia wa Japani wanaugua kila mwaka. Akaanza kuwakagua washukiwa mmoja mmoja. Je, ni makazi? Watu waliolala mahali pamoja, wakavaa nguo za aina moja, wengine waliugua na wengine hawakuugua. Je, ni hali ya hewa? Meli moja, bahari moja, lakini maofisa waliugua kwa nadra, mabaharia wa kawaida waliugua sana, na wafungwa wa jeshi ndio walioongoza. Na meli zilipotia nanga nchi za nje, mabaharia wakala chakula cha huko, ugonjwa ulipungua.

Kila alipogeuka alikuta chakula kinamkodolea macho. Maofisa walikula vizuri. Mabaharia walipewa mchele wa serikali pamoja na fedha za kununulia kitoweo, na wengi walibana fedha hizo wakala wali karibu mtupu.

Kisha ikaja safari iliyofungua njia. Meli ya mafunzo iitwayo Ryujo iliondoka mwishoni mwa mwaka 1882, ikapita New Zealand na Amerika ya Kusini, ikapanda mpaka Hawaii. Kati ya watu 376 waliokuwamo, 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Walipofika Honolulu walikuwa hoi. Wakabadilisha chakula, wakaingiza nyama na mboga, na wagonjwa wakapata nafuu.

Takaki akaona nafasi. Akapigania meli nyingine, Tsukuba, ipitie njia ile ile kwa muda unaokaribia ule ule, ila chakula kiwe kingine: nyama zaidi, mkate, maziwa ya kopo, na mchele kidogo. Meli ikaondoka mwanzoni mwa mwaka 1884. Kama ingerudi na maiti, Takaki angekuwa amekwisha. Ilirudi bila kifo hata kimoja cha beriberi. Waliougua walikuwa 14, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba wengi wao hawakuwa wamekula nyama na maziwa waliyopangiwa.

Huo ni mfano safi wa njia ya tofauti, na hao 14 wanaufanya kuwa safi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya meli hiyo hiyo, hewa hiyo hiyo na mwaka huo huo, waliokwepa chakula kipya ndio walioangukia ugonjwa wa zamani. Mtu angeweza kusema kwamba mwaka 1884 bahari ilikuwa na hewa nzuri kuliko mwaka 1883. Kwa wale 14 hoja hiyo haina pa kusimama.

Lakini sasa msomaji, jiulize. Njia ya tofauti imemkamata nani hasa? Takaki alibadilisha chakula chote kwa mkupuo. Aliongeza nyama, aliongeza maziwa, aliongeza ngano, alipunguza mchele. Safari ile ilithibitisha kwamba mhalifu yumo ndani ya chungu. Haikusema ni kipi ndani ya chungu. Takaki mwenyewe alijaza pengo hilo kwa elimu ya siku zake: akasema shida ni uwiano wa nitrojeni na kaboni, yaani protini kidogo mno kwa wanga mwingi mno. Alikosea. Nyama ilisaidia, ila si kwa protini yake.

Na dawa yake ilifanya kazi hata hivyo. Mabaharia hawakupenda mkate, basi kuanzia mwaka 1885 jeshi la majini likachanganya shayiri na mchele. Takaki aliamini kwamba shayiri ina protini zaidi. Ukweli ni kwamba shayiri ilikuwa na thiamini ambayo mchele mweupe haukuwa nayo. Beriberi ikakaribia kutoweka kwenye meli.

Hapa ndipo Mori Ogai anapoingia. Alikuwa amesomea tiba Ujerumani kuanzia mwaka 1884 mpaka 1888, katika miaka ambayo Wajerumani walikuwa wakifichua bakteria mmoja baada ya mwingine. Yeye na wakubwa wake jeshini walimtazama Takaki na kuuliza swali ambalo, kusema kweli, lilikuwa la haki: nadharia yako ina ushahidi gani? Mori alisimamia jaribio. Askari wachache walilishwa kwa siku chache, wengine wali mtupu, wengine wali wa shayiri, wengine chakula cha Kizungu, kisha wakapimwa nguvu ya chakula na nitrojeni mwilini. Wali ukashinda. Kwa hiyo, wakasema, mchele hauna kosa, na chakula cha Takaki hakina msingi wa kisayansi.

Tazama walichokifanya. Waliipima nadharia ya Takaki, na nadharia ilikuwa mbovu kweli. Kisha wakaitupa pamoja na tofauti ambayo Takaki aliiona kwa macho, maiti 25 upande mmoja na sifuri upande wa pili. Jaribio lao halikungoja hata mtu mmoja augue. Liliisha kabla beriberi haijapata muda wa kuanza. Walikuwa wakiuliza swali jingine kabisa.

Tuwaache Wajapani kwanza, twende Batavia, mji unaoitwa Jakarta siku hizi. Jeshi la Waholanzi huko lilikuwa linateketea kwa beriberi, na daktari kijana Christiaan Eijkman aliachwa na maabara ndogo kwenye hospitali ya jeshi atafute bakteria wa ugonjwa huo. Alichukua kuku, akawadunga damu ya wagonjwa, na kuku wengine akawaacha bila kudungwa ili awe na cha kulinganisha. Mwaka 1889 kuku wakaanza kupepesuka, miguu ikalegea, wakaanguka ubavu na kufa. Lo, furaha! Ila kuku wasiodungwa nao wakapepesuka vilevile.

Mwenye haraka angesema wamesambaziana. Eijkman alijaribu hilo, akawatenga kuku wengine kabisa mahali pengine, na bado mambo hayakueleweka. Kisha, mwishoni mwa Novemba, ugonjwa ukaisha wenyewe. Kuku wapya hawakuugua, na wagonjwa wakapona.

Njia ya tofauti inafanya kazi hata nyuma nyuma: kitu kimekoma, basi tafuta kilichobadilika. Eijkman akauliza. Ikabainika kwamba tangu mwezi Juni mhudumu wa maabara, kwa kubana matumizi, alikuwa akichukua wali uliobaki kwenye jiko la hospitali ya jeshi na kuwapa kuku. Wali huo ulikuwa wa mchele mweupe, wa daraja la juu. Mwishoni mwa Novemba akaja mpishi mpya, naye akakataa katakata mchele wa jeshi uliwe na kuku wa kiraia. Kuku wakarudi kwenye nafaka yao ya kawaida. Mpishi huyo hatumjui jina, lakini roho yake mbaya ni miongoni mwa mambo yaliyosaidia sana tiba ya karne ile.

Ona lakini kwamba hata hapa tofauti bado ni fungu. Wali wa jeshi ulitofautiana na nafaka ya kuku kwa mambo mengi: ulipikwa, ulilala, ulikuwa na maji ya jikoni, na ulikuwa umekobolewa ukawa mweupe. Kazi ya Eijkman ya miaka iliyofuata ilikuwa kulifungua fungu hilo, uzi mmoja kwa wakati mmoja. Mchele mweupe usiopikwa? Kuku wanaugua. Mchele mweupe mpya, haujalala? Wanaugua. Mpunga mzima na kumvi zake? Hawaugui. Mpunga uliotolewa kumvi tu, ukabaki na ule utando mwembamba unaoshikamana na punje? Hawaugui. Mchele mweupe, ila umechanganywa na wishwa wenye utando huo? Hawaugui, na waliokwisha kuugua wanapona.

Sasa fungu limebaki na uzi mmoja. Tofauti kati ya kuku mzima na kuku anayepepesuka ni utando ambao mashine ya kukoboa inauvua na kuutupa. Takaki alifika kwenye chungu; Eijkman akafika kwenye ganda la punje.

Na bado akampa mhalifu jina lisilo lake. Eijkman alisema wanga wa mchele una sumu, na utando una dawa ya kuizima sumu hiyo. Si maelezo ya kipuuzi. Kila jaribio alilofanya linakubaliana nayo. Kitu chenye sumu bila dawa, na kitu kinachokosa kirutubisho, vinatoa matokeo yale yale ukiishia kulinganisha mchele na mchele. Ili kuvitenganisha unahitaji jaribio ambalo wanga haumo kabisa. Aliyelifanya ni Gerrit Grijns, aliyeshika kazi baada ya Eijkman kurudi Ulaya kwa sababu ya afya. Grijns aliwalisha kuku nyama iliyopashwa joto la nyuzi 120. Hakuna mchele, hakuna wanga wa kusema. Kuku wakapepesuka. Mwaka 1901 akatoa hukumu: hakuna sumu, kuna kitu kinachokosekana, na kitu hicho kimo kwenye utando wa mchele na pia kwenye choroko. Ndiyo, choroko hizi hizi tunazopikia nazi.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Mhalifu aliwaponyoka wote kwa sababu alikuwa ni pengo. Tumezoea kwamba chanzo ni kitu kilichoingia: mdudu, sumu, uchafu. Njia ya tofauti haijali kama kitu kimeingia au kimetoka. Inakuonyesha mahali pande mbili zinapoachana, basi. Akili zetu ndizo zinazokimbilia kutafuta aliyeingia.

Lakini kuku si watu. Eijkman alilijua hilo, na kabla ya kuondoka alimwomba mkaguzi wa tiba wa kisiwa cha Java, Adolphe Vorderman, amsaidie. Java ilikuwa na magereza mengi, na kila eneo lilitumia mchele wa kwao. Huku mchele wa kinu cha mkono wenye utando, kule mweupe wa mashine, pengine mchanganyiko. Mtu asingeweza kupanga jaribio bora kuliko lile ambalo desturi zilikuwa zimeshalipanga. Vorderman akazunguka, akachukua sampuli za mchele na kuzitazama yeye mwenyewe badala ya kuamini maneno ya wasimamizi, akaandika pia umri wa majengo, sakafu, upitaji wa hewa na msongamano.

Alikusanya habari za magereza 101. Kati ya 37 yaliyokula mchele wenye utando, beriberi ilionekana kwenye gereza moja. Kati ya 13 yaliyokula mchanganyiko, ilionekana kwenye 6. Kati ya 51 yaliyokula mchele mweupe, ilionekana kwenye 36. Washukiwa wengine, hewa, sakafu, uzee wa majengo na msongamano, hawakuonyesha mpangilio wowote wa kueleweka.

Hii ni njia ya ulingano ikifanya kazi kwa ukubwa wake, na ngazi ile ya katikati inaongeza nguvu: utando ukipungua nusu, ugonjwa unapanda nusu njia. Ila tusiyaruke yale yasiyokaa sawa. Magereza 15 yalikula mchele mweupe bila beriberi, na moja lilikula mchele mzuri likaugua. Mtu mkali wa mantiki angesema, basi ulingano umevunjika. Maelezo hayako mbali. Mfungwa wa miezi miwili hajapata muda wa kuugua, na mfungwa anayepata maharage au samaki pembeni analindwa hata kama wali wake ni mweupe. Na gereza lenye mchele mzuri linaweza kumpokea mtu aliyeugua kabla hajafika. Ulingano kwenye magereza halisi hautoki mia kwa mia. Unachotafuta ni kama pengo ni kubwa kiasi kwamba washukiwa wengine wote kwa pamoja hawawezi kuliziba.

Wapinzani walijaribu kuliziba. Wakasema labda mchele mweupe unakwenda sambamba na kitu kingine cha mahali pale, kitu ambacho Vorderman hakukiandika. Hoja hiyo ni halali daima. Huwezi kuijibu kwa kuzunguka magereza mengine 100. Unaijibu kwa kuchukua watu walioko mahali pamoja, kuwagawa mwenyewe, na kubadilisha kitu kimoja.

Hilo lilifanyika Kuala Lumpur, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na aliyelifanya, William Fletcher, hakuwa upande wa mchele. Alidhani ugonjwa unatokana na mahali. Desemba 1905 aliwapanga wagonjwa mstari na kuwahesabu. Wenye namba witiri wakaenda jengo la mashariki, wakala mchele mweupe. Wenye namba shufwa wakaenda jengo la magharibi lililofanana na lile la kwanza, wakala mchele wa Kihindi uliochemshwa ukiwa bado mpunga kabla ya kukobolewa. Uchemshaji huo huvuta thiamini ndani ya punje, ikabaki hata utando ukivuliwa. Kilichobaki chote, kitoweo kwa kitoweo, kilikuwa kile kile.

Miezi ikapita na jengo la mashariki likaanza kuugua. Mtu mwingine angetangaza ushindi. Fletcher alikuwa bado anashuku jengo, kwa hiyo katikati ya mwaka 1906 aliwahamisha: wa mashariki wakalala magharibi na wa magharibi wakalala mashariki, kila kundi likaondoka na mchele wake. Kama mhalifu ni jengo, ugonjwa ungebaki na jengo. Ugonjwa ulihama pamoja na mchele mweupe. Mwisho wa hesabu, kati ya watu 120 wa mchele mweupe zaidi ya 30 waliugua na 18 wakafa. Kati ya 123 wa mchele uliochemshwa, walioonekana na beriberi ni 2 tu, na wote wawili walikuja nayo.

Nikiri kwamba nikifika hapa najikuta nashikwa na mambo mawili kwa pamoja. Kama mantiki, sijui jaribio la enzi ile lililofungwa vizuri kuliko hili. Namba witiri na shufwa zinaondoa upendeleo, kuhamisha majengo kunaondoa mahali, kulisha wakati mmoja kunaondoa mwaka na majira. Lakini watu wale hawakuulizwa. Walikuwa wagonjwa wa akili ndani ya koloni, na 18 kati yao walikufa wakati tayari kulikuwa na kuku wa Eijkman, choroko za Grijns na magereza ya Vorderman. Ukamilifu wa ushahidi una bei, na waliolipa si walioandika ripoti.

Na bei ya kuukataa ushahidi? Turudi Japani. Vita na Uchina vya 1894 na 1895, jeshi la nchi kavu lilikwenda na mchele mweupe, na beriberi ikaua askari wengi kuliko risasi za adui, wapatao 4,000. Vita na Urusi vya 1904 na 1905, hali ikawa mbaya zaidi: askari wapatao 27,000 wanatajwa kufa kwa beriberi. Katika vita hivyo hivyo mabaharia wa Takaki, wakila wali wa shayiri kwa nadharia potofu, karibu hawakuguswa. Mori alikuwa miongoni mwa madaktari wakuu wa jeshi vitani.

Yaani nchi moja, vita kimoja, vijana wa rika moja, kikosi kimoja chenye shayiri na kingine bila. Ile tofauti ambayo maofisa wa tiba waliikataa kwenye meli mbili ilijirudia mbele yao kwa majeshi mawili.

Sidhani Mori alikuwa mjinga au katili. Nadhani alidai kitu ambacho njia ya tofauti haikitoi. Alitaka aambiwe kwanza ni kwa namna gani mchele unaua, ndipo akubali kwamba unaua. Njia hizi mbili hazijibu swali la "kwa namna gani". Zinakuambia "ni hapa", kwa uhakika unaolingana na ukubwa wa fungu ulilolifungua: kwa Takaki hapa ni chungu kizima, kwa Eijkman hapa ni utando wa punje. Kitu chenyewe ndani ya utando kilipatikana mwaka 1926, palepale Batavia, Jansen na Donath walipofanikiwa kukitoa kwenye wishwa kikiwa fuwele safi. Hiyo ni miaka 42 tangu Tsukuba ing'oe nanga. Mtu aliyesubiri maelezo kamili alisubiri miaka 42. Mabaharia walisubiri mpaka mlo uliofuata.